Wateja 1,095 Wanaogeuka 748

Fomu ya kuomba mkopo wa biashara ina kisanduku kimoja ambacho wengi hukijaza bila kufikiri: idadi ya wateja. Mchukue wakala wa gesi ya kupikia pale Tabata, Dar es Salaam, anayetaka mkopo anunue toyo ya kusambazia mitungi. Ana orodha mbili. Moja ni daftari la dukani, ambamo kijana wa kaunta huandika jina na namba ya simu ya kila anayekuja kubadilisha mtungi kwa mara ya kwanza, au anayedhani ni mara ya kwanza. Ya pili ni oda za simu na WhatsApp, zile ambazo bodaboda hupeleka mtungi mpaka mlangoni. Kati ya Januari na Juni, daftari lina mistari 640 na orodha ya simu ina mistari 455. Wakala anajumlisha, anapata 1,095, anaandika.

Takwimu hizo ni za mfano, nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, ila kosa lililomo ni la kila siku. Mama aliyekuja dukani mwezi wa Februari ndiye yuleyule aliyepiga simu mwezi wa Aprili mvua iliponyesha. Ameandikwa huku na kule, na katika 1,095 yeye ni watu wawili.

Dawa yake kwa maneno ni fupi: jumlisha orodha zote mbili, kisha toa wale waliomo kote kuwili, kwa sababu umewahesabu mara mbili na kila mmoja anastahili mara moja tu. Kazi iko kwenye kuwajua hao waliomo kote kuwili ni wangapi. Ikiwa hujui kabisa, bado kuna jambo moja unaweza kulisema kwa uhakika. Jumla ya kweli haiwezi kuwa ndogo kuliko orodha ndefu zaidi, na haiwezi kuzidi orodha mbili zikijumlishwa. Jibu lolote litakalotoka nje ya mipaka hiyo lina kosa la hesabu, hata kama aliyelitoa ana kompyuta ya bei mbaya.

Kabla ya kugusa kompyuta, wakala anapaswa kujibu swali ambalo watu hulipita haraka: anahesabu nini hasa? Gesi hainunuliwi na mtu, inanunuliwa na jiko. Mume anapita dukani akitoka kazini na kuacha namba yake, mke anapiga simu wiki ya mwezi ujao kwa namba yake, na dada wa kazi anatuma ujumbe wa WhatsApp kwa namba yake. Hao ni watu watatu na namba tatu, lakini mtungi ni mmoja na kaya ni moja. Benki inapouliza wateja inataka kujua toyo itapeleka mitungi kwenye milango mingapi, kwa hiyo kitu cha kuhesabu hapa ni kaya. Kwa muuza vocha au kinyozi jibu lingekuwa tofauti.

Mchanganyiko huu si wa maduka tu. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mwishoni mwa 2023 laini za simu zilizokuwa zikitumika nchini zilikuwa zimepita milioni 70, yaani laini zilikuwa nyingi kuliko watu wote, watoto wachanga wakiwemo. Hakuna aliyedanganya. Mamlaka ya Mawasiliano inahesabu laini, na mtu mwenye laini mbili kwenye simu moja anahesabika mara mbili kama laini na mara moja kama mtu. Kenya nako laini zimeizidi idadi ya watu kwa miaka kadhaa sasa. Sensa yenyewe ilikwepa kurudia watu kwa kanuni moja rahisi: kila mtu alihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mtu anaweza kuwa na nyumba tatu, ila usiku mmoja halali mahali kuwili. Orodha za wateja hazina usiku wa namna hiyo, ndiyo maana zinahitaji alama nyingine ya kumtambulisha mtu.

Alama iliyo karibu ni namba ya simu. Jina halifai kutangulia. Mohamed, Mohammed na Muhamed wanaweza kuwa mtu mmoja, huku Mama Asha wa Tabata Kimanga na Mama Asha wa Tabata Segerea ni watu wawili, na daftari limeandika "Mama Asha" basi. Namba ina ubaya wake, lakini angalau haina herufi za kubahatisha.

Ubaya wa kwanza ni kwamba namba moja huandikwa kwa sura nyingi. Nikificha tarakimu mbili, namba ileile itakuwa 07xx 345 678 kwenye daftari, +2557xx345678 kwenye WhatsApp, na 7xx345678 kwenye Excel, kwa sababu Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni kiasi cha kitu na hulitupa sifuri la mbele. Kwa macho yako ni namba moja, kwa kompyuta ni vitu vitatu. Njia nyepesi ya kuzipatanisha ni kuchukua tarakimu tisa za mwisho tu, kwa kuwa ndizo zisizobadilika hata ukianza na sifuri au na 255. Ukiwa na namba kwenye safu ya A, andika hivi kwenye safu ya B na uishushe mpaka mstari wa mwisho:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2," ",""),"-",""),9)
```

Fomula hiyo inaondoa nafasi na vistari, kisha inabakiza tarakimu tisa za kulia. Halafu pitisha jicho kwenye safu ya B. Ukiona herufi au mabano, mtu aliandika "(mume)" baada ya namba. Ukiona tarakimu nane, moja ilirukwa. Na kama kisanduku kilikuwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, fomula imechukua ya pili na kuiacha ya kwanza, kwa hiyo visanduku hivyo virekebishe kwa mkono.

Ubaya wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele. Katika daftari la mfano wetu, mistari 9 haina namba kabisa na mistari 19 ina namba moja ileile. Ukiitazama vizuri namba hiyo, ni ya duka lenyewe. Kijana wa kaunta alipokutana na mteja asiyetaka kutoa namba, aliandika iliyokuwa karibu, ile iliyobandikwa ukutani. Ukiiachia kompyuta, itawaunganisha watu 19 wasiojuana kuwa mteja mmoja, na wale 9 wasio na namba itawafanya mteja mmoja mwingine. Hapo kosa limegeuka upande: badala ya kumhesabu mtu mara mbili, umewafuta watu. Kuligundua si kazi. Panga safu ya B kwa mfuatano na utafute namba inayojirudia kupita kiasi. Mteja wa gesi aliyeandikwa mara tatu kwa miezi sita anaeleweka. Aliyeandikwa mara 19 kwa majina 19 si mteja. Mistari hiyo 28 iweke pembeni, tutairudia.

Daftari sasa limebaki na mistari 612 yenye namba halali. Hapa wengi hukimbilia kulinganisha orodha mbili, na hapo ndipo hesabu inapochafuka. Mwambie mtu atafute ni mistari mingapi ya daftari imo pia kwenye orodha ya simu, atapata 221. Mwambie aanze upande wa pili, mistari mingapi ya orodha ya simu imo kwenye daftari, atapata 209. Ipi ni sahihi? Hakuna. Kila orodha ina watu walioandikwa zaidi ya mara moja ndani yake yenyewe, na wewe umehesabu mistari ukidhani unahesabu namba. Waliomo kote kuwili ni kundi moja, iwe umelitazama kutoka mashariki au magharibi. Majibu mawili yakitofautiana, rudi nyuma usafishe kila orodha peke yake kwanza. Kwangu hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote katika kazi hii, maana hakigharimu chochote na hakimpendelei mtu.

Ukishaondoa marudio ya ndani, daftari linabaki na namba 548 na orodha ya simu inabaki na namba 402. Tuseme kila orodha iko kwenye ukurasa wake, ukurasa wa pili unaitwa Simu, na tarakimu tisa ziko safu ya B. Kwenye ukurasa wa daftari, safu ya C, andika:

```
=COUNTIF(Simu!B:B,B2)
```

Itatoa 1 kwa namba iliyomo kwenye orodha ya simu na 0 kwa isiyokuwemo. Jumlisha safu ya C: 187. Rudia kutoka upande wa pili: 187. Sasa majibu yanakubaliana. Namba za pamoja ni 548 kujumlisha 402 kutoa 187, yaani 763. Mipaka yetu ilikuwa 548 chini na 950 juu, na 763 imo ndani.

Kuna njia ya mkato inayofika palepale, na inafaa zaidi pale orodha zinapokuwa tatu au nne, kwa sababu kwa orodha tatu kanuni ya kujumlisha na kutoa inakuwa ndefu: unatoa kila jozi iliyorudiwa, kisha unawarudisha waliomo kote kutatu, kwa kuwa umewatoa kupita kiasi. Achana nayo. Chukua nakala ya orodha zote, zibandike moja chini ya nyingine kwenye safu moja ya tarakimu tisa, ongeza safu ya pembeni inayosema mstari umetoka wapi, kisha tumia Remove Duplicates kwa safu ya namba peke yake. Kwa mfano wetu unaanza na mistari 1,067, na Excel itakuambia imeondoa 304 na kubakiza 763. Hiyo 304 unaweza kuikagua: marudio 64 ya ndani ya daftari, 53 ya ndani ya orodha ya simu, na 187 za kote kuwili. Zikijumlishwa zinatoa 304 kamili. Isipotimia, kuna mstari uliopotea njiani. Fanya kazi hii kwenye nakala siku zote, maana mstari ukishaondolewa na faili likihifadhiwa, hujui tena nani alitoka orodha ipi.

Sasa wale 28 tuliowaweka pembeni. Hawa hawana namba, kwa hiyo kompyuta haina la kusema. Ni kukaa na kijana wa kaunta, daftari mkononi, mkapitia jina kwa jina. Kwa watu 28 ni kazi ya nusu saa. Tuseme 11 wanatambulika kuwa tayari wamo kwa namba zao za kweli, na 17 hawamo popote. Jumla inapanda mpaka 780.

Wakala angeweza kusimama hapa na angekuwa amefanya kazi kuliko wengi. Lakini 780 ni namba za simu, pamoja na wachache wasio na namba, nasi tulikubaliana kuhesabu kaya. Mume na mke wenye namba tofauti bado ni wawili. Hakuna fomula ya kuwaunganisha, maana hakuna kwenye karatasi kinachosema wanakaa pamoja. Inabidi kuuliza.

Si lazima kuwauliza wote. Kwenye orodha ya simu kuna namba 215 ambazo hazikuonekana kwenye daftari, yaani 402 kutoa 187. Chagua 60 kati yao bila upendeleo. Usichukue 60 za juu, kwa kuwa hizo ni za wateja wa mwanzo, na usichukue wale unaowafahamu. Wape namba za mfuatano kisha bahatisha kwa RAND. Kila mmoja aulizwe jambo moja: "Samahani, nyumbani kwako kuna mtu mwingine anayenunua gesi kwetu? Namba yake ni ipi?" Namba hiyo itafutwe kwenye daftari. Tuseme kwa watu 60, tisa wana mtu wa nyumbani aliyemo kwenye daftari. Ni asilimia 15, na asilimia 15 ya 215 ni kama 32. Toa 32 kwenye 780, unabaki na kaya 748.

Hiyo 32 ni makadirio. Ukiwauliza watu 60 wengine huenda ukapata sita au kumi na mbili. Kwa sampuli ya ukubwa huu, kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 8 na 26, hivyo kaya ziko kati ya 725 na 765 hivi. Kuandika 748 bila kusema hivyo ni kujivika usahihi usiokuwepo. Na kuna vitu viwili ambavyo sampuli hii haikuvigusa. Kimoja kinashusha jumla: mume na mke ambao wote wawili wamo kwenye daftari lilelile kwa namba tofauti. Kingine kinaipandisha: namba moja inayohudumia nyumba nyingi, kama mlinzi anayewaagizia wapangaji wote wa jengo. Huyu wa pili anaonekana kirahisi kwenye orodha ya simu, kwa sababu bodaboda ameandika mahali alipopeleka. Namba moja yenye milango mitatu ni kaya tatu. Lakini namba ya dada wa kazi aliyehama nyumba nayo itaonyesha milango miwili, kwa hiyo tazama tarehe: akiacha mlango wa kwanza moja kwa moja kabla ya kuanza wa pili, amehama.

Afisa mikopo makini ana njia yake ya kupima bila kuona orodha. Tuseme vitabu vinaonyesha mitungi 590 kwa mwezi, mingi ikiwa ya kilo 6. Kaya zingekuwa 1,095, kila moja ingekuwa inabadilisha mtungi baada ya siku 56 hivi. Zikiwa 748, ni baada ya siku 38. Kipimo hiki hakithibitishi kitu peke yake, kwani zipo nyumba zinazopikia gesi asubuhi na mkaa jioni. Ila afisa aliyekwisha kuona mawakala kumi ataona siku 56 na kuanza kuuliza maswali.

Hapo kwenye mauzo pana kosa la kinyume ambalo nimeliona kwa watu waliokwisha kuelewa somo hili vizuri mno. Baada ya kutoa 187 kwenye wateja, wanataka kupunguza na mitungi pia. Hapana. Mama aliyenunua mtungi dukani Februari na mwingine kwa simu Aprili ni mteja mmoja, lakini mitungi ni miwili na pesa ni za mitungi miwili. Mauzo ya orodha mbili hujumlishwa kama yalivyo, isipokuwa pale oda ileile ya simu ilipoandikwa tena dukani wakati bodaboda anauchukua mtungi. Hilo nalo linakaguliwa kwa tarehe, namba na ukubwa wa mtungi vikilingana. Vivyo hivyo kwa miezi: mitungi ya Januari mpaka Juni unaijumlisha, wateja wa Januari mpaka Juni huwezi.

Yote haya yanawezekana kwa sababu orodha zote mbili ni za mtu mmoja. Mawakala wawili wanaotaka kuungana wana tatizo jingine, kwa kuwa hakuna anayetaka kumpa mwenzake namba za wateja kabla ya kutia saini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, haiwaruhusu kugawiana tu kama karanga. Utasikia fundi wa kompyuta akishauri namba zigeuzwe kuwa msimbo usiosomeka, kila upande utume misimbo, na misimbo ilinganishwe. Haitoshi. Namba za simu za mkononi hapa kwetu huanza na 6 au 7 baada ya sifuri, hivyo zinazowezekana hazizidi milioni 200, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa muda mfupi na kuona ipi inatoa msimbo upi. Salama zaidi ni mkaguzi wa tatu, aliyefungwa na mkataba wa siri, anayepokea orodha mbili, kurudisha tarakimu moja tu ya waliomo kote kuwili, na kuzifuta orodha.

Kwa wakala wetu wa Tabata, kisanduku cha fomu kijazwe hivi: "Kaya takriban 750 (makadirio: 725 hadi 765) zilizonunua angalau mtungi mmoja kati ya Januari na Juni, dukani au kwa simu." Nakala za orodha mbili za awali, mistari 640 na 455, azihifadhi kama zilivyo, kwa sababu afisa akiuliza 1,095 ilienda wapi, jibu lote limo humo. Na kuanzia kesho kijana wa kaunta aambiwe kwamba mteja asiyetaka kutoa namba aachiwe nafasi tupu, namba ya duka isiandikwe tena kwenye daftari.